Makofi ya Kufuli

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kujaza gunia, uzigawe mwenyewe hapo nyumbani: za wifi yangu uziweke juu, za watoto katikati, zako zikae chini kabisa kwa sababu wewe ndiye unayenikatia simu. Hujambo lakini? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua ukikaa sana kwenye usukani umeacha? Ukiendelea, mwambie wifi akukande na maji ya moto, asione haya, mgongo wa dereva haukandwi kwa ncha za vidole. Sisi huku tupo. Tunakula, tunalala, tunaamka. Mengine utayakuta huko chini, usiruke mistari.

Najua unashangaa barua ya nini wakati simu ipo. Bwana wee, kwenye simu nikitamka tu neno mpira, nasikia tii, umeshakata. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuikunja uiweke mfukoni, lakini mwishowe utaifungua, nakujua, ulikuwa unafungua hata zawadi zisizo zako. Mwandiko wangu uusamehe. Shule mimi niliipitia kama mtu anayepita sokoni hana hela, na hii kalamu imenishika kuliko ninavyoishika.

Kwanza habari za mtaa, maana ukianza na zito mtu anachoka. Muuza mboga wa pale kona ameolewa tena, na siku ya sherehe alivaa gauni nililolifua mimi, doa halikutoka lote, akazunguka ukumbi mzima mkono kiunoni kama anayesikia tumbo. Mwashi yule mwenye kigugumizi amepata gari, bovu, analisukuma zaidi kuliko anavyoliendesha. Mimi bado dobi wa timu. Jezi zinakuja kwangu kila baada ya mechi zikiwa zimefungwa kwenye shuka, na kama kawaida, wachezaji wanajisifu huko vijiweni, mimi nacheka peke yangu kwenye beseni. Yupo mmoja mshambuliaji, magazeti yanasema anakimbia kama upepo. Jezi yake inarudi kavu inanukia manukato. Nikimwona namwamkia, namwambia hongera baba kwa kutunza nguo.

Basi. Sasa tuingie.

Uliniambia, mara ya mwisho tulipoonana pale stendi ukiwa na begi lako, kwamba hutakanyaga tena mji huu mpaka wimbo ule ufe. Nilidhani ni hasira, zitapoa. Hazikupoa. Na wimbo nao haukufa. Timu iliposhuka daraja uliimbwa, timu ilipopanda uliimbwa zaidi, kwa furaha. Sasa hivi mtu akiacha mlango wa duka wazi anaimbiwa. Kipa akitema mpira, anaimbiwa. Hata mgeni asiyekujua, asiyejua kwamba Kufuli alikuwa beki wetu, ndiye wewe, mtu mwenye mama na dada, anaupiga makofi:

Kufuli bovu, (pa, pa)
mlango wazi! (pa, pa)
Rudi nyumbani, (pa, pa)
hujui kazi! (pa, pa)

Nisamehe kuuandika. Nimeuandika kwa sababu bila kuuona hutaelewa nilichofanya. Na nimefanya hivi: nilikwenda kuuzima ili wewe urudi. Kwa nini nilianza juzi na si miaka yote hii, hilo nalo lina sababu yake, litakuja.

Mwanzo nilijaribu peke yangu. Nikakaa kwenye kindoo changu, sabuni mkononi, nikatunga wimbo wa kukusifu. Mrefu huo! Una mapenzi ndani, una machozi, una mpaka jina la baba. Nikaona nimemaliza kazi. Lakini nani atauingiza uwanjani? Pale jukwaa lisilo na paa anayeanzisha nyimbo ni mmoja tu, na unamjua: Fundi Viatu. Pipa linalopigwa kama ngoma ni lake, sauti ni yake. Na wimbo wa Kufuli, kila mtu anajua, ni yeye aliyeutunga, palepale kwenye ngazi, kabla mpira haujarudishwa katikati. Toka siku ile mimi na yeye hatusalimiani. Viatu vyangu nilikuwa napeleka kwa fundi wa mbali, mbaya, anashona kwa waya.

Nikaenda. Yupo palepale, chini ya ngazi za lile jengo la ghorofa, kibanda ambacho ndani yake hawezi kusimama wima, watu wanapanda na kushuka juu ya kichwa chake. Sauti yake imekwisha, mdogo wangu, amepiga kelele miaka mingi, sasa anaongea kama mtu anayepangusa sakafu. Sikumsalimia vizuri. Nikamwambia umetukosea, na leo utanisaidia. Akaendelea kugonga msumari. Akasema, bila kuniangalia, kwamba wimbo ule ndio bora kuliko zote alizotunga, na kwamba hiyo ndiyo shida yake, angekuwa ameutunga vibaya ungekufa wiki ileile.

Nilitaka kumpiga na kiatu. Vilikuwepo vingi pale, ningechagua.

Badala yake nikamwambia jambo moja la nyumbani kwetu. Nitakuambia ni lipi, subiri. Nyundo ikasimama. Akanivutia kigoda, akasema haya, imba nikusikie.

Nikaimba wimbo wangu mrefu. Alivumilia, sina la kumlaumu. Akaniambia sasa inuka, panda ngazi hizi mpaka juu huku unaimba. Nikapanda. Kufika pale zinapokunja nilikuwa nahema kama mbwa, nimeshika ukuta, neno limekwama. Akaniita nirudi. Akasema shabiki haimbi amekaa, anaimba anaruka, anapunga shati, mdomo umejaa karanga. Mstari usioweza kuimbwa ukipanda ngazi haufai. Na wangu, akasema, haufai hata ukiwa umelala.

Ndipo akanifundisha, na mimi nakufundisha wewe ili ujue kilichokuwa kinakuchapa. Alichukua nyundo akagonga kwenye chuma anachowekea viatu. Ku, fu, li, bo, vu. Vipande vitano. Mla, ngo... aligonga tena, m, la, ngo, wa, zi. Vitano. Kila mstari vitano, hauzidi, haupungui, na uzito unaangukia kipande cha nne: bo, wa, mba, ka. Sikiliza vizuri, hapo ndipo mguu unapokanyaga. Halafu makofi mawili, na makofi hayo ndiyo yanayompa mtu nafasi ya kukumbuka mstari unaofuata, maana umati hauna akili ya kukumbuka minne kwa pamoja, unakumbuka mmoja mmoja. Vina viko kwenye mstari wa pili na wa nne tu, wazi na kazi, mengine yanaachwa huru. Ukivifunga vyote, anasema, unasikika kama mtoto anayesoma mbele ya wageni. Na pale penye uzito kwenye kina, weka a au o, mdomo ufunguke. Ukiweka i au u, watu elfu wanaimba, lakini upande wa pili unasikia nyuki.

Mimi nikamwambia basi tutunge mwingine, mapigo mengine mapya, watu wausahau ule. Akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti. Akasema alishajaribu mwenyewe, zaidi ya mara moja, akatunga nyingine nzuri tu. Zinaimbwa, halafu zikiisha mikono inabaki inawasha, inatafuta pa, pa, inaupata, na mdomo unafuata mikono. Wimbo haufi kwa kuletewa jirani, alisema. Unaunyang'anya makofi yake. Mapigo yaleyale, vipande vilevile, maneno mengine juu, mpaka mikono ikizoea, yale ya zamani hayana pa kukaa.

Tukatunga. Yaani nilikuwa natunga mimi, yeye anagonga. Nilirudi pale siku nyingi, jezi zikichelewa kukauka, meneja akanuna. Nikifua kola nasugua kwa mapigo yale, shati linalia vipande vitano, pa, pa kwenye ubao. Mwishowe nikaleta huu:

Kufuli wetu,
alitulinda!
Vita vikali,
na tukashinda!

Fundi akagonga, ukakaa. Kila uzito mahali pake. Akapinda shingo hivi, akasema umetungwa vizuri, nyuki wa linda na shinda atawavumilia, ila una kosa moja kubwa, na kosa lenyewe lipo mwanzo. Nikasema kosa gani, hilo ni jina la mdogo wangu. Akasema ndiyo hilo. Nikakasirika nikamwambia wewe jina hili ulilipaka matope mbele ya uwanja mzima, na mimi ndiyo nataka nilisafishe mbele ya uwanja mzima, kazi yangu ni kufua. Akasema haya, dada, twende tukafue.

Siku ya mechi nikasimama ngazi ya kati, karibu na pipa. Ilinibidi mimi ndiye niite kwa sababu yeye hana sauti, na mimi, unajua, Mungu alininyima vingine vyote akanipa koo. Pipa halikai pembeni, linakaa katikati ya jukwaa, ili sauti iende kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Likikaa pembeni, walio mbali wanapiga kofi lao wenzao wameshashusha mikono, na wimbo unachanika kama shuka kuukuu. Tukangoja mpira utoke nje. Pa, pa. Nikavuta pumzi nikaita, Kufuli...

Mdogo wangu, sikufika kwenye wetu. Jukwaa zima lilinipokea likamalizia lenyewe. Bovu! Mlango wazi! Wakaimba wote, wamefurahi, wengine wananipongeza kwa vidole, nimewaanzishia vizuri. Nilijaribu tena na tena. Kila nikitaja jina, wanaliteremka kama mtu kwenye sakafu ya sabuni. Mwashi akanipigia kelele toka chini, akikwama kwenye kila neno, kwamba mama Dobi leo umeshiba nini, unamtukana ndugu yako kwa moyo wote. Nilishuka zile ngazi nimejifunika kanga usoni.

Fundi hakunicheka. Alinikuta kesho yake kwenye kamba zangu za nguo, akashika ncha ya shuka tukaikamua pamoja, huku na huku. Akasema jina la Kufuli limeshakuwa mteremko. Ukitaka wamwache, inabidi umtoe. Wimbo utakaomwokoa Kufuli ni wimbo ambao Kufuli hayumo.

Nilikataa. Siku nyingi nilikataa. Nilimwambia kama ndivyo, atabaki bila wimbo mbaya na bila mzuri, atakuwa hajawahi kucheza. Nikamtolea habari ya jezi yako. Sijawahi kukuambia hata wewe. Ile jezi ya siku ile niliifua mimi, na matope yalikuwa mbele, toka shingoni mpaka kwenye pindo, na majani yamepenya mpaka kwenye mshono. Beki mzembe jezi yake haichafuki mbele. Krosi ilitoka kulia, kipa ameshapitwa, ukajitupa mzima mzima na mpira ukakugonga goti ukaingia golini kwetu. Ungebaki umesimama, bao lingefungwa na mtu mwingine na leo ungekuwa unakula nasi. Fundi akasikiliza. Akasema, mimi nilikuwa juu, nilimwona mgongo. Sikumdai zaidi. Lakini akaniuliza swali kuhusu lile jambo la nyumbani nililomwambia, swali ambalo ndilo lililokuwa linaniumiza kuliko jezi. Nikamwambia tu, haya, mtoe.

Huu wa tatu haukuchukua muda. Mvua ilitukuta pale kibandani, watu wakakimbilia chini ya ngazi wakatubana. Nikawa nasema ovyo, kama nilivyo, kwamba jukwaa letu halina paa na watu hawaondoki, wanaoga na nguo zao halafu kesho wananiletea mimi. Fundi akainua nyundo. Sema tena, akasema. Nikasema. Akagonga. Na wale waliobanwa pale wakawa ndio mtihani wetu, maana Fundi anasema wimbo hauulizwi kama ni mzuri. Unauimba mara tatu unafanya kazi yako, ukiona mtu asiyekuhusu anatikisa mguu, umepita. Mama mmoja mwenye kapu alianza kupiga pa, pa kwenye kapu lake huku anaangalia mvua, hata hajijui.

Hapa ni kwetu, (pa, pa)
hatuna woga! (pa, pa)
Leta na mvua, (pa, pa)
tutaioga! (pa, pa)

Ona: vitano, vitano, vitano, vitano. Kwe, wo, mvu, o. Hakuna hata neno moja la zamani ndani yake. Na mwanzo wake ni ha, mdomo wazi, pumzi yote inatoka, haifanani na ku hata kidogo, kwa hiyo hakuna pa kuteleza.

Fundi akaongeza kitu kimoja ambacho ule wa zamani haukuwa nacho. Mwishoni, baada ya makofi ya mwisho, akaweka kimya. Pumzi moja, hakuna kofi, hakuna neno, pipa peke yake linagonga mara moja, du, halafu ndiyo mnaanza upya. Alisema wimbo wa Kufuli alikosea hapo: haukuwa na pa kupumua, ndiyo maana ulikuwa unakimbia, unakimbia, mpaka unakuwa kelele tupu na matusi. Umati siku zote unaharakisha. Ukiwapa kimya, walio mbali wanawafikia walio karibu, vifua vinajaa, na wanarudi pamoja. Nafasi ile, akaniambia, usiruhusu mtu aijaze.

Namna ya kuuingiza nayo ni kazi. Huanzishi wakati wa bao, wakati huo watu wanapiga mayowe hata ya kuku. Unangoja uwanja umechoka, mpira umetoka, kipa anafunga kamba za kiatu. Watu wetu tuliwatawanya, muuza mboga kule mwisho, mwashi chini, maana ukiwaweka pamoja wanakuwa kwaya na watu wanawatazama badala ya kuimba. Mwashi akiimba hana kigugumizi, ulijua hilo? Mimi sikujua. Tukaanza na makofi peke yake, mikono inayajua. Na ilibidi tuingie juu ya kisigino cha kofi la pili, kabla mdomo wa mtu haujafikia ku. Tukichelewa kidogo tu, tumeliwa.

Pa, pa. Hapa ni kwetu!

Mara ya kwanza ilikuwa vurugu, nusu huku nusu kule. Mara ya pili nikasikia upande wa muuza mboga umeshika. Tulipofika kwenye kile kimya, kaka yangu mdogo, uwanja ulinyamaza. Watu wote wale. Nikasikia pipa, du, nikasikia hata bendera inavyojipiga kwenye mlingoti. Halafu wakarudi wote kwa pamoja na ngazi ikatetemeka chini ya miguu yangu. Waliimba mpaka mechi inaisha, waliimba wakitoka, waliimba barabarani. Toka siku hiyo ule mwingine sijausikia uwanjani. Dukani ninausikia mara moja moja, kwa wazee. Makofi yake haunayo tena.

Kwa hiyo uliloliagiza limetimia, na ningeweza kuishia hapa nikakuwekea salamu za mwisho. Lakini sasa ndiyo tumefika kwenye lile jambo. Kaa chini. Kama unaendesha, paki gari.

Mama anasahau.

Si kusahau kwa utu uzima, ufunguo uko wapi, hapana. Ananiita kwa jina la shangazi. Anavaa nguo juu ya nguo. Anaamka anatafuta viatu vya shule vya watoto, na watoto wenyewe ni mimi na wewe. Unakumbuka ulivyolalamika kwamba ukiongea naye kwenye simu anajibu sawa, sawa, halafu ananirudishia mimi simu? Ulidhani amekukasirikia kwa kuondoka. Hakukukasirikia. Hakujua anaongea na nani. Sikukuambia kwa sababu kwenye siku zake nzuri alinishika mkono akaniomba usijue, akasema atakuja kwa kunionea huruma, mwache aje kwa kutaka. Nikakubali, na nikavumilia, mpaka ikatokea ya dirishani.

Unalijua lile dirisha la chumba chake linaloangalia ukuta wa uwanja. Miaka yote, siku ya mechi, alikuwa analifunga, anaweka na taulo kwenye upenyo. Siku moja mwaka huu nimerudi na beseni langu, nakuta dirisha wazi, pazia limetupwa juu, Mama amekaa kitandani anapiga makofi kwenye mapaja. Anaimba. Kufuli bovu, mlango wazi. Mdogo wangu, anacheka, uso wake umekuwa kama wa msichana. Akaniona akaniambia njoo, sikiliza, wanamwimba mwanangu.

Niliweka beseni chini. Sikujua niende wapi.

Hakusikia bovu. Hakusikia hujui kazi, ingawa mdomo wake ulikuwa unayasema. Alisikia jina tu. Jina la mtoto wake kwenye midomo ya watu elfu, na yeye anawaitikia. Kuanzia hapo kila mechi alikuwa anangoja, anajipaka mafuta, anakaa.

Hilo ndilo nililomwambia Fundi, na ndilo lililosimamisha nyundo. Na swali lake pale kwenye kamba za nguo lilikuwa hili: tukilitoa jina, mama yako atasikia nini? Sasa unaelewa kwa nini nilikataa. Wewe hurudi mpaka wimbo ufe, na yeye wimbo ndio uliokuwa umebaki badala yako. Nilichagua wewe urudi. Sijui kama nilichagua vizuri.

Siku ile tuliposhinda nilikimbia nyumbani nimelowa jasho, koo limekwisha, nataka kusimulia. Nikamkuta amekaa palepale, amejipaka mafuta yake, mikono imelala mapajani. Akaniuliza, leo hachezi? Mbona hawamwiti?

Nikamwambia amepumzishwa. Akatikisa kichwa, akainuka taratibu, akafunga dirisha.

Mechi iliyofuata sikwenda. Nilimwambia Fundi atafute koo lingine, akanielewa. Nikabaki na Mama. Mvua ilikuwa inanyesha, kubwa, mifereji inafoka. Nilifungua dirisha mimi kwa kujipa moyo tu. Wakaanza kule, jukwaa zima kwenye mvua. Hapa ni kwetu. Hatuna woga. Leta na mvua. Nikaona vidole vyake vinatafuta, pa, pa, juu ya shuka. Tutaioga. Pa, pa. Kikaja kile kimya.

Akasimama. Alikwenda dirishani bila kushika ukuta, akaegemea kizingiti, mvua inamrukia, na akaita. Hakuita Kufuli. Aliita jina lako la nyumbani, lile la utotoni, kwa ile sauti aliyokuwa anakuitia ukiwa uchi chini ya mfereji na hutaki kuingia ndani. Toka mvuani wewe, utaugua! Kisha akageuka akaangalia mlango.

Wakaimba tena, kikaja kimya, akaita tena. Akaangalia mlango. Ikawa hivyo mpaka mechi inaisha. Fundi alisema tusiruhusu mtu aijaze nafasi ile. Nilimweleza, akakaa na kiatu cha mtu mkononi, akasema yule mwache.

Sasa inakuwa hivyo kila mechi, iwe mvua iwe jua. Mimi nimejaribu kuitika nikiwa jikoni. Ananiangalia tu, anajua si sauti yenyewe.

Kwa hiyo sikuombi uje kwa huruma, na wimbo sitakuambia tena, umeshakwisha. Nakuambia tu kwamba anakuita, na baada ya kuita anangoja kwa muda wa pumzi moja. Wakati mwingine bado anajua anamngoja nani. Ratiba ya mechi nimekuwekea ndani ya bahasha. Ukiona aibu ya uwanjani, pita njia ya nyuma, kwenye kamba zangu. Fundi ameomba nikufikishie salamu. Nilimwambia akufikishie mwenyewe, akasema viatu vyako atavishona bila kuuliza.

Msalimie wifi, mwambie ile blauzi ya pinki isilowekwe na nyeupe. Wabusu watoto mpaka wakimbie. Mama angekusalimu, lakini salamu yake yeye anaipiga dirishani, sina uwezo wa kuiandika. Kalamu imekata wino mara mbili na mkono umekufa ganzi, napumzika.

Ni mimi dada yako,
Dobi